Anajua jaji ni nani, lakini je, anaweza kujitetea?

Wanaofuatilia kesi za mauaji nchini Kenya wameisikia habari hii mara nyingi: mshtakiwa amefikishwa mahakamani, hajajibu mashtaka, na jaji ameagiza apelekwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari akapimwe akili. Siku kadhaa baadaye karatasi inarudi, mara nyingine ikiwa na sentensi moja tu ya maana, kwamba anaweza kujibu mashtaka. Kesi inaendelea, na watu huamini kwamba daktari ndiye aliyeamua.

Kisheria, daktari haamui. Kifungu cha 162 cha Sheria ya Utaratibu wa Kesi za Jinai kinasema kwamba mahakama ikiwa na sababu ya kuamini kuwa mshtakiwa hana akili timamu, na kwa hiyo hawezi kujitetea, lazima ichunguze. Anayechunguza ni mahakama. Ripoti ya daktari ni ushahidi kama ushahidi mwingine: jaji anaweza kumwita aliyeiandika amhoji, na anaweza kuikataa. Tena maneno "na kwa hiyo" yana uzito wake. Ugonjwa peke yake hautoshi. Kuna watu wengi wenye maradhi ya akili wanaoweza kusimama kizimbani wakajieleza vizuri.

Swali hili pia si lile la kama mtu alikuwa mgonjwa siku ya tukio. Hilo lina kifungu chake na huamuliwa mwisho wa kesi. Hapa kinachotazamwa ni akili ya leo, mbele ya mahakama. Mtu aliyekuwa mzima alipotenda kosa anaweza kuwa hawezi kujitetea leo, na aliyekuwa mgonjwa siku ile anaweza kuwa amepona kabisa akiwa rumande.

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwanamume ameshtakiwa kwa kuchoma nyumba ya kaka yake. Daktari anamuuliza: uko hapa kwa nini? "Wanasema nilichoma nyumba." Jaji kazi yake ni nini? "Kusikiliza pande zote na kuamua." Ukikubali kosa itakuwaje? "Nitafungwa." Majibu yote ni sahihi. Daktari mwenye haraka angeishia hapo na kuandika kwamba mtu huyu yuko sawa. Lakini akiendelea na kuuliza, wakili wako umemweleza nini kuhusu usiku ule? Mwanamume anainama, anapunguza sauti: "Siwezi kumwambia kitu. Ametumwa na kaka yangu. Kalamu yake inanirekodi." Swali hilo moja linageuza kila kitu. Anaijua mahakama kama mwanafunzi anavyolijua somo, lakini hawezi kuitumia kujiokoa, kwa sababu mtu wa pekee aliye upande wake anamwona adui.

Kipimo cha zamani cha Kiingereza, kilichotoka katika kesi ya Pritchard mwaka 1836, kilimhusu kiziwi asiyesema. Kiliuliza kama mshtakiwa anaweza kujibu mashtaka, na kama ana uelewa wa kutosha kufuata mwenendo wa kesi ili ajitetee ipasavyo. Kwa kipimo hicho kikisomwa kwa ufinyu, mwanamume wetu angepita. Mahakama ya Juu ya Marekani ilikwenda mbele zaidi mwaka 1960 katika kesi ya Dusky, mtu aliyekuwa na ugonjwa wa akili wa skizofrenia. Ilisema haitoshi mshtakiwa kujua yuko wapi na ni siku gani, na kukumbuka kiasi yaliyotokea. Lazima aweze kushauriana na wakili wake kwa fikra zenye mantiki, na aielewe kesi kwa akili inayopima, si kwa kukariri. Naona hiki ndicho kipimo kinachofaa, na maneno "hawezi kujitetea" ya kifungu cha 162 yanakibeba bila hata kubadilishwa. Kinachokosekana mara nyingi ni ripoti inayomweleza jaji jinsi mshtakiwa anavyofanya kazi na wakili wake.

Kuna na suala la muda. Uwezo huu hupanda na kushuka. Mtu anapimwa akiwa hospitalini, anameza dawa kila siku, amelala vizuri. Anarudishwa rumande, dawa zinakatika, na kesi inaitwa baada ya miezi mitatu. Karatasi iliyo kwenye jalada inamhusu mtu wa miezi mitatu iliyopita. Jaji akimwona kizimbani akijibu sauti ambayo hakuna mwingine anayeisikia, asijifiche nyuma ya karatasi hiyo. Wajibu wa kuchunguza unaanza upya palepale.

Hadi hapa mtu angesema basi, kila penye shaka kesi isimamishwe. Wanaosema hivyo wana hoja nzito: kumhukumu mtu asiyeweza kusema "usiku ule sikuwa kijijini" ni sawa na kumhukumu hayupo. Lakini kusimamisha kesi kuna gharama, na gharama hiyo huilipa mshtakiwa mwenyewe. Kwa jinsi kifungu kilivyoandikwa, kosa likiwa na dhamana, mahakama yaweza kumwachilia kwa watu watakaomtunza. Isipowezekana, anashikiliwa, na jalada linapelekwa serikalini ili Rais aamue. Kushikiliwa huko hakuna tarehe ya mwisho. Majaji kadhaa wa Mahakama Kuu, hasa katika kesi za waliokutwa na hatia wakiwa wagonjwa wa akili, wamesema kwamba kuwashikilia watu kwa ridhaa ya Rais kunapingana na Katiba ya 2010.

Ubaya wa jambo hili ulionekana wazi Marekani katika kesi ya Jackson. Alikuwa kiziwi, hasemi, hajui kusoma wala kuandika, na uelewa wake ulikuwa wa mtoto mdogo. Alishtakiwa kwa unyang'anyi mara mbili, mali yote ikiwa ya thamani ya dola tisa hivi. Madaktari hawakuona matumaini kwamba angewahi kuweza kujitetea, lakini amri ilikuwa ashikiliwe mpaka aweze. Yaani maisha. Mwaka 1972 Mahakama ya Juu ilikataa: mtu ashikiliwe kwa muda unaofaa tu kujua kama kuna matumaini ya kupona karibuni, na yasipokuwepo, aachiliwe au utumike utaratibu wa kawaida wa kumlaza mgonjwa yeyote.

Ndiyo maana wakili wa mtu aliyeiba kuku hupata mtihani mgumu. Akitaja ugonjwa, mteja wake huenda akakaa ndani kuliko kifungo cha kosa lenyewe. Akinyamaza, anamsaidia mtu asiyeelewa kukubali kosa.

Uingereza imejaribu njia ya katikati. Mshtakiwa akionekana hawezi, baraza la wazee wa mahakama husikiliza ushahidi ili kuamua jambo moja tu: je, alikitenda kitendo? Isipothibitika, anaachiliwa huru. Ikithibitika, hahukumiwi kuwa na hatia; mahakama huchagua kati ya hospitali, usimamizi nje, au kumwachilia bila masharti. Wapinzani wanasema ushahidi huo bado unasikilizwa bila sauti ya mhusika, na wana haki. Alibi yake, yaani ushahidi kwamba wakati wa tukio alikuwa kwingine, huenda anaijua yeye peke yake.

Hata hivyo, nikilinganisha na kushikiliwa bila mwisho, naichagua njia hii, mradi iwe na ukomo wa muda na mshtakiwa apimwe tena kila baada ya muda uliowekwa. Mwanamume wetu hawezi kutuambia alikuwa wapi usiku nyumba ilipowaka. Jirani aliyekuja na ndoo ya maji anaweza kutuambia kama alimwona, na kumsikiliza jirani huyo ni kazi ya asubuhi moja.