Alama ya Dola Inajibu Swali Moja Tu

Watayarishaji wengi wa video ninaowafahamu hapa Mwanza hufungua YouTube Studio, wakaingia kwenye orodha ya maudhui, wakatupia jicho alama ya dola kwenye safu iitwayo `Monetization`, kisha wakatoa hukumu kwa rangi peke yake: kijani ni hela, njano ni adhabu, tupu ni hasara. Kwa maoni yangu, hukumu zote tatu zina kasoro, kwa sababu alama hiyo inajibu swali moja tu, nalo ni iwapo video inastahili kuwekewa matangazo ambayo mgawo wake utakufikia wewe. Haisemi video imeingiza kiasi gani, wala haisemi kama video ni nzuri.

Kijani hakihitaji maneno mengi. Maana yake ni kwamba watangazaji walio wengi wanaweza kuiweka bidhaa yao kwenye video hiyo. Kama watafanya hivyo kweli, na kwa bei gani, kunategemea mtazamaji yuko nchi gani na nani anatafuta wateja wa aina yake wakati huo. Ndiyo maana video mbili zenye kijani kilekile, moja ikitazamwa zaidi Ilemela na nyingine ikitazamwa zaidi na Watanzania walioko Ulaya, huweza kupishana sana kimapato. Anayetaka kujua fedha aende kwenye ukurasa wa takwimu za mapato ya video husika. Hata huko, kiasi anachokiona mwanzoni ni makadirio ambayo hurekebishwa kabla hesabu ya mwezi haijafungwa.

Alama tupu, ile ya kijivu iliyokatwa mstari, ndiyo inayosomwa vibaya kuliko zote. Mara nyingi haina kosa lolote nyuma yake. Matangazo hayakuwashwa kwa video hiyo, basi. Hili huwapata hasa waliopakia video nyingi kabla chaneli haijakubaliwa kwenye mpango wa washirika wa YouTube, ule unaomgawia mwenye chaneli mapato ya matangazo, halafu wakadhani kwamba kukubaliwa kwa chaneli kumewasha kila kitu kwa mkupuo. Dawa yake ni kuzichagua video hizo kwenye orodha na kuwasha matangazo kwa pamoja. Lakini kama mmiliki wa wimbo uliopigwa nyuma ya video ameweka dai la hakimiliki, suala ni jingine kabisa, na kusoma masharti ya YouTube kuhusu maudhui yanayofaa kwa watangazaji hakutasaidia kitu. Hapo inabidi ufungue maelezo ya dai, uone ni sekunde zipi zinazodaiwa, kisha uamue kama utaukata wimbo, utaubadilisha au utapinga dai.

Kuna jambo linalowachanganya watu zaidi: wanaona tangazo likipita kwenye video yenye alama tupu, kisha wanalalamika kwamba wanaibiwa. Tangu Juni 2021 masharti ya huduma ya YouTube nje ya Marekani yanaruhusu matangazo hata kwenye chaneli ambazo hazimo katika mpango wa washirika, bila mwenye chaneli kulipwa. Pia mwenye wimbo aliyeweka dai anaweza kuchagua matangazo yaendelee na mapato yaende kwake. Kwa hiyo kuliona tangazo kwa macho si ushahidi wa hali ya alama, na hali ya alama si ushahidi kwamba watazamaji hawaoni tangazo.

Njano ndiyo inayostahili kukaliwa chini. Maana yake ni kwamba matangazo yatakuwa machache, au hayatakuwepo kabisa, kwa kuwa mfumo umeona kitu ambacho watangazaji wengi hukikwepa. Si onyo la kuvunja kanuni za jamii, na video hubaki hewani kama kawaida. Hata mgawo unaotokana na watazamaji wa YouTube Premium, wale wanaolipia ili wasione matangazo, huendelea kuingia.

Kijana mmoja ninayemsaidia kuhariri alitengeneza video ya kumbukumbu ya kuzama kwa MV Bukoba, meli iliyopinduka karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya abiria. Kazi yenyewe ilikuwa ya heshima: mazungumzo na wazee wa Kirumba, maelezo ya safari ile, na picha za zamani. Alama ikawa njano, naye alikuwa tayari ameshika kipanya aombe mapitio, yaani mtu wa YouTube aikague video badala ya mfumo. Nilimzuia. Uamuzi wa mpitiaji ni wa mwisho kwa video hiyo, kwa hiyo si busara kumpelekea kazi ambayo wewe mwenyewe hujaikagua.

Tulianza nje kabla ya kuingia ndani, kwa kuwa kinachopimwa ni pamoja na kichwa, maelezo na kijipicha cha jalada. Kijipicha kilionyesha miili iliyofunikwa shuka ufukweni, na kichwa kilianza na neno MAITI kwa herufi kubwa. Mambo hayo mawili yalitosha kuifanya kumbukumbu ya miaka mingi ionekane kama biashara ya mshtuko. Ndani ya video, tatizo lilikuwa kipande kimoja tu, ambapo picha ya karibu ya mwili ilikaa muda mrefu kwenye skrini bila msimulizi kusema neno. Kwenye dodoso la kujipima wakati wa kupakia, kijana alikuwa amejibu kwamba hakuna chochote nyeti. Jibu hilo halikuwa sahihi, na ni vema kulikumbuka, kwa sababu anayejipima vibaya mara kwa mara hupunguza imani ya mfumo kwa majibu yake ya baadaye.

Kijipicha kilibadilishwa kikawa meli ikiwa majini, kichwa kikataja jina la meli na mwaka, na kipande kile kikakatwa kwa kihariri cha Studio bila kupoteza kiungo wala watazamaji waliokwisha kupatikana. Simulizi za wazee hatukuzigusa hata kidogo. Huzuni inayoelezwa kwa utulivu, katika tukio la kihistoria, si kitu kinachokatazwa na masharti yale. Kinachopimwa ni namna mwili na damu vinavyoonyeshwa, na kwa lengo gani. Njano ilibaki hata baada ya marekebisho, ndipo tulipoomba mapitio, na ikarudi kijani.

Hata hivyo, siku za mwanzo zilikuwa zimekwisha kupita, na kwa video nyingi hizo ndizo zenye watazamaji wengi. Alama ikigeuka kijani baadaye, hailipi yaliyopita. Kwa hiyo video yenye jambo zito ipakiwe kwanza ikiwa imefichwa, ukaguzi wa hakimiliki na wa matangazo umalizike, alama isomwe, na ndipo ifunguliwe kwa umma. Alama inaweza kubadilika hata baada ya hapo, ila angalau dosari za wazi zitakuwa zimeonekana mapema.

Na zipo video ambazo ningeziacha na njano yake. Kijana huyohuyo ana nyingine kuhusu mauaji ya vikongwe kanda ya ziwa kwa tuhuma za uchawi, yenye simulizi ya shuhuda inayoeleza majeraha kwa undani. Ukiondoa maelezo yale, ushahidi wa yule mama unabaki nusu. Mwenye duka la simu hataki tangazo lake lisimame kando ya maneno hayo, nami simlaumu. Tulikubaliana asiombe mapitio, asikate kitu, na gharama ya video ile aifidie kwa video zake za uvuvi wa dagaa, ambazo alama zake ni za kijani.