Namba sita ambazo hukuziomba

Jumamosi moja, saa nne kasoro usiku, nilikuwa napiga pasi sare za watoto simu ikalia. Meseji ya WhatsApp: namba sita, na onyo kwamba nisimpe mtu. Sikuwa nasajili chochote. WhatsApp yangu ilikuwa wazi kwenye simu ileile, inafanya kazi kama kawaida. Haikupita muda ikaingia meseji ya pili, kisha nikapigiwa simu, na nilipopokea ikawa ni sauti ya mashine inanisomea namba moja moja.

Pasi haijapoa, mweka hazina wa kikoba chetu akaniandikia: "Habari, tunahakiki wanachama. Kuna namba 6 zimeingia kwako, nitumie haraka kabla hazijaisha muda." Huyu mama ni wa rika la mama yangu mzazi. Nikamwandikia kama ninavyomwandikia siku zote: "Shikamoo mama."

Jibu likaja: "Poa. Nitumie basi."

Nilicheka peke yangu pale kwenye meza ya pasi. Huyu mama hata ukimsalimia saa nane za usiku atakujibu "marahaba mwanangu" kwanza, halafu ndiyo akuulize kuna msiba gani. Nikampigia kwa laini ya kawaida. Akapokea kwa sauti ya usingizi: "Mwanangu, hiyo WhatsApp imenitoa tangu magharibi. Nilidhani bando limeisha."

Nimesimulia hivyo kwa sababu naona watu wengi wakipata meseji ya namna hii hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama wanaifuta bila kusoma, ama wanaingiwa na hofu kwamba simu imeingiliwa, wanaizima, wanabadilisha neno la siri la kila kitu hadi la king'amuzi. Kwangu mimi, swali la kujiuliza ni moja tu: ili namba hizi zitumwe, mtu alilazimika kujua nini kwanza?

Kwa WhatsApp jibu ni dogo mno. Anahitaji namba yako ya simu, basi. Unapofungua WhatsApp kwenye simu mpya haikuulizi neno la siri. Inakuuliza namba, kisha inatuma zile tarakimu sita kwenye laini hiyo ili kuhakikisha laini iko mkononi mwako. Kwa hiyo yeyote mwenye namba yangu anaweza kunifanya nipate meseji hiyo, hata mtu aliyekosea tarakimu moja ya namba yake mwenyewe. Meseji ile peke yake haina maana kwamba nimeibiwa. Inasema kuna mtu yuko mlangoni na hana ufunguo.

Na hawezi kuubahatisha. Tarakimu sita zinatoa michanganyiko milioni moja, na ukikosea mara chache unaambiwa usubiri, tena muda wa kusubiri unazidi kurefuka. Ndiyo maana hana njia ila kukuomba. Ndiyo maana pia anakukimbiza: namba hizo ni za jaribio lile tu alilolianzisha yeye, kwenye ukurasa ulio wazi mbele yake, na muda wake ni mfupi. Ukiona mtu anakuharakisha juu ya namba zilizoingia kwako, jua ni yeye aliyeziagiza.

Namba yangu aliipata wapi? Kwenye kikoba. Ukishaichukua WhatsApp ya mtu mmoja, makundi aliyomo yanaendelea kukuletea meseji, na orodha ya wanachama iko wazi pamoja na namba zao. Mweka hazina alikuwa ametuma zile tarakimu sita zake jioni ile kwa "dada wa kanisani" ambaye naye, tulikuja kugundua, alikuwa ameshaibiwa akaunti asubuhi. Wizi huu unatembea kwa kuaminiana. Ile ya zamani ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ilitoka kwa mtu usiyemjua, na wengi tumeshaizoea. Hii inatoka kwa mtu unayemwita mama.

Sasa, alifanyaje kuirudisha? Nilimwelekeza kwenye simu usiku uleule. Aifungue WhatsApp yake, aandike namba yake, asubiri meseji, aweke tarakimu sita mpya. Hapo hapo mwizi anatolewa, maana WhatsApp hairuhusu namba moja iwe na simu kuu mbili kwa wakati mmoja. Lakini ikamuuliza tena PIN ya tarakimu sita, ambayo yeye hakuwahi kuiweka. Mwizi ndiye aliyeiweka, makusudi, ili mwenyewe akwame. Bila hiyo PIN inabidi kusubiri siku saba ndipo uruhusiwe kuingia. Alisubiri. Faraja ni kwamba katika siku hizo saba mwizi naye yuko nje, na mazungumzo ya zamani hakuwa ameyaona, kwa sababu yanakaa ndani ya simu yenyewe. Hasara ni kwamba kabla hatujamtoa, mwanachama mmoja alikuwa ameshatuma laki moja na nusu "za dharura ya hospitali".

PIN hiyo kila mtu angeiweka mwenyewe kabla ya mwizi. Kwa simu iliyo kwa Kiingereza inapatikana Settings, kisha Account, kisha Two-step verification. Inachukua dakika moja. Ukishaiweka, hata ukiteleza ukatoa zile namba za meseji, bado kuna mlango wa pili.

Kuna hali moja ambayo kukaa kimya na namba zako hakutoshi. Unakumbuka ile simu ya mashine iliyonisomea tarakimu? WhatsApp inaruhusu kupigiwa badala ya kuandikiwa. Sasa kuna watu wanakupigia wakijifanya wahudumu wa mtandao, wanakuambia "ili kurekebisha laini yako" ubonyeze nyota nyota ishirini na moja nyota, namba fulani, halafu reli. Ukifanya hivyo umehamishia simu zako zote kwa namba hiyo. Mwizi anaomba apigiwe, mashine inampigia yeye, na wewe hukumtajia mtu chochote. Ukipata mfululizo wa namba za uthibitisho siku ileile uliyobonyezeshwa kitu cha namna hiyo, usibaki umestarehe kwa kuwa hukumpa mtu. Kuangalia kama simu zako zimehamishwa, na kufuta, ni hivi:

```
*#21#
##21#
```

Ya kwanza inakuonyesha hali ilivyo, ya pili inafuta.

Hayo yote ni ya mlango wa nje. Miezi michache baadaye nilipata meseji nyingine, mchana, niko kwenye daladala. Hii ilitoka benki: OTP ya kulipia kwa kadi yangu, kiasi kwa dola, na jina la duka la mtandaoni ambalo sijawahi kulisikia. Kwa macho ni meseji ileile: namba sita, usimpe mtu. Kwa maana, ziko mbali kama Kigoma na Mtwara. Ili benki itume ile OTP, lazima mtu awe ameshaandika namba zote za mbele ya kadi, tarehe ya kuisha, na zile tarakimu tatu za nyuma. Yaani huyu ameshapita geti, ameshavuka sebule, amebakiza mlango wa chumbani.

Hapa kufuta meseji na kuendelea na safari ni kosa, hata kama hela haijatoka. Si kila duka la mtandaoni linadai OTP. Kadi iliyogoma kwenye duka hili inaweza kukubaliwa kwenye lingine dakika kumi baadaye bila kukuuliza. Kubadilisha neno la siri la programu ya benki pia hakusaidii, kwa sababu kilichovuja ni kadi. Nilishuka kituo kilichofuata, nikaifunga kadi, nikaomba mpya. Namba ya benki niliisoma nyuma ya kadi. Nasisitiza hilo kwa sababu siku hizi wezi wanatuma OTP za uongo zenye maneno "kama si wewe piga namba hii", na kwa kuwa jina la mtumaji linaweza kughushiwa, meseji yao inaingia kwenye mlolongo uleule wa meseji halali za benki. Namba iliyo ndani ya meseji usiipige. Kwa hapa Tanzania, meseji za hao matapeli zinapelekwa 15040.

Katikati ya milango hiyo miwili ziko akaunti kama za baruapepe na programu za benki, ambazo kwa kawaida hutuma namba baada ya neno la siri kukubaliwa. Ikija hiyo bila wewe kuingia, hesabu kwamba neno la siri linajulikana, ulibadilishe kwa kufungua programu mwenyewe. Isipokuwa tu meseji ikitaja kurejesha akaunti au kuweka neno la siri jipya: hapo huenda mtu amebonyeza tu "nimesahau", na kwa hilo anahitaji namba au baruapepe yako tu.

Na hapa nina kinyongo. Ile meseji ya kadi nilielewa mara moja kwa sababu ilitaja duka na kiasi. Kuna taasisi nyingine ninayoitumia, siitaji, ambayo inatuma "OTP yako ni" halafu tarakimu, basi. Ya kuingia? Ya kuhamisha hela? Ya kubadilisha namba ya simu kwenye akaunti? Maneno matatu ya ziada yangemwambia mteja mwizi amefika wapi. Badala yake wanaandika "usimpe mtu yeyote" kwa herufi kubwa, kisha mhudumu wao mwenyewe kaunta anakuuliza, "Kuna namba zimeingia kwako, nisomee." Tunafundishwa kwa mkono wa kulia na kusahaulishwa kwa wa kushoto.

Aina ya mwisho niliigundua kwa laini mpya niliyomnunulia binti wa nyumbani. Tangu wiki ya kwanza ilikuwa ikipokea namba za uthibitisho za mkopo wa mtandaoni na za Facebook, za mtu ambaye hatumjui. Hakuna aliyekuwa anamwinda binti. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni huiuza upya, na mwenyewe wa zamani alikuwa hajaiondoa kwenye akaunti zake. Aliyekuwa hatarini ni yeye. Sisi tungetaka, tungeingia.

Nikaona aibu, nikafungua baruapepe yangu nikatazama namba ya kurejesha akaunti. Ilikuwa ile laini yangu ya chuo, niliyoiacha 2017.