Jina langu, barua si yangu

Jumatatu asubuhi, nikiwa kwenye foleni ya Ubungo, mama mkwe akanipigia. Baada ya shikamoo na marahaba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Baba Neema, hii barua ya dawa ya kitambi uliyonitumia, una maana gani?"

Nikafungua barua pepe nilizotuma. Hakuna kitu. Hadi saa sita mchana watu saba walikuwa wamepata barua hiyohiyo kutoka anwani ya duka langu la mapazia, na wote wakaniambia jambo moja: umedukuliwa, badili paswedi. Nikabadili mara tatu. Fundi mmoja wa Kariakoo akachukua elfu arobaini yangu, akafomati laptopu. Jumatano barua zikaenda tena.

Ushauri huo wa paswedi hutolewa kama Panado, bila kupima. Ukiona kwenye akaunti yako barua usizotuma, au umeingiwa kutoka kifaa usichokijua, badili haraka. Mimi sikuona hata kimoja. Nikamwomba shemeji afungue Gmail ya mama kwenye kompyuta, abonyeze vitone vitatu pembeni ya barua, achague "Show original", anitumie kilichoandikwa. Kiini chake ni hiki, anwani nimezibadilisha:

```
Return-Path: <promo@mail.example.net>
Authentication-Results: mx.google.com;
  spf=pass smtp.mailfrom=mail.example.net;
  dmarc=fail (p=NONE) header.from=example.com
From: "Duka la Mapazia" <info@example.com>
```

Fikiria barua ya posta. Kuna bahasha, na kuna karatasi ndani. Mama anasoma karatasi tu, yaani mstari wa `From`, na mwandishi anaweza kuandika hapo jina lolote. Bahasha ni `Return-Path`, ambayo seva hupeana zenyewe na msomaji haioni. Taratibu za kutuma barua pepe, SMTP, ziliandikwa mwaka 1982, mtandao ukiwa bado wa watafiti wachache, na hazikuwa na mahali pa kumdai mtumaji kitambulisho. Kwa hiyo tapeli hakuhitaji kuingia kwangu. Aliandika jina langu kwenye karatasi, akaitia kwenye bahasha yake.

Sasa tazama `spf=pass`. Hapo ndipo shemeji alipopaza sauti: "Si imepita? Basi ni wewe!" Hapana. SPF ni orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeni fulani, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata @, ila inakagua bahasha, na bahasha ilikuwa ya tapeli. Orodha yake mwenyewe ilimkubali. Mstari wa `dmarc` ndio unaomuumbua: DMARC hulinganisha domeni ya karatasi na ile ya bahasha, au ile ya sahihi ya kidijitali inayoitwa DKIM. Hazikulingana, ikaanguka. Lakini angalia `p=NONE`. Maana yake mwenye domeni, yaani mimi, amesema barua zikianguka zisifanywe chochote.

Sikuwahi kusema hivyo. Aliyeniuzia domeni na imeili ndiye aliyeweka maneno hayo akaishia hapo, na hilo ndilo linaloniudhi. Anayeuza domeni akiiacha hivyo ni kama fundi wa milango aliyefunga komeo asikupe ufunguo.

Na watu wangu, tapeli aliwajuaje? Wote saba na mimi tulikuwa kwenye kamati moja ya harusi. Katibu alikuwa akituma muhtasari wa vikao kwa kuweka anwani zetu zote kwenye Cc. Nadhani sanduku la mmoja wetu lilivunjwa, ikatoka orodha nzima. Si lazima liwe langu.

Dawa iko kwenye mipangilio ya domeni, rekodi ya TXT yenye jina `_dmarc`:

```
v=DMARC1; p=quarantine; rua=mailto:ripoti@example.com
```

Usirukie hapo siku ya kwanza. Kaa wiki kadhaa kwenye `p=none` ukisoma ripoti zinazokuja kwenye anwani ya `rua`. Mimi niligundua programu yangu ya ankara hutuma kupitia seva nyingine. Ningekaza mapema, ankara zangu zenyewe zingeishia kwenye spamu. Nikaisajili, nikapanda `quarantine`, halafu `reject`, ambayo huiambia seva inayopokea iikatae barua mlangoni. Mwenye anwani ya Gmail hana cha kuweka. Domeni ile si yake.

Wiki iliyopita mama mkwe amepata nyingine. Jina langu, ila nyuma yake kuna anwani ya ajabu kabisa. DMARC haizuii hiyo, kwa sababu domeni ni ya tapeli mwenyewe na vipimo vyote imepita. Simu huonyesha jina tu. Ukiligusa, anwani inajitokeza. Safari hii mama aliligusa kwanza, hakunipigia.