Karo ya Likoni kwenye mizani ya fedha: kutia bei kwanza, kupunguza baadaye

Mashirika yasiyo ya kibiashara yanayofadhili masomo huku Mombasa yanazidi kuulizwa na wafadhili swali moja: kila shilingi inayotolewa inarudisha shilingi ngapi? Njia inayotumiwa mara nyingi kulijibu ina hatua mbili. Kwanza kila manufaa, yawe ya mshahara, ya afya au ya kujiamini, hutiwa bei. Kisha bei hizo, kwa kuwa zinaangukia miaka mbalimbali na shilingi ya miaka ijayo huhesabiwa kuwa na thamani ndogo kuliko ya leo, hupunguzwa hadi thamani ya leo. Mabishano mengi hujikita kwenye hatua ya pili, yaani kiwango cha kupunguza kiwe asilimia ngapi. Kwa maoni yangu madhara makubwa hutokea katika hatua ya kwanza, na hatua ya pili huyaficha badala ya kuyaanika.

Tuchukue mradi wa kubuni, ila wenye sura inayofahamika. Shirika linawasaidia vijana 100 wa Likoni wanaosoma shule za upili za kutwa, kuanzia gredi ya 10 hadi ya 12. Linalipa ada zinazodaiwa na shule, chakula cha mchana, nauli ya wanaovuka feri, na masomo ya ziada ya Jumamosi. Gharama ni shilingi 40,000 kwa kijana kwa mwaka, sawa na milioni 4 kila mwaka kwa miaka mitatu. Mwishoni, vijana 85 wanamaliza. Tuseme pia kwamba anayemaliza shule hupata wastani wa shilingi 4,000 zaidi kwa mwezi kuliko aliyeacha, kuanzia mwaka wa 4 tangu mradi uanze, kwa miaka 30. Wastani huo umekwisha kuhesabu miezi ya kukosa kazi.

Taarifa ya shirika kwa kawaida itazidisha nyongeza hiyo ya mshahara kwa vijana 85. Ikipunguzwa kwa asilimia 10 kwa mwaka, gharama zikihesabiwa mwanzoni mwa kila mwaka na manufaa mwishoni mwake, jumla yake kwa thamani ya leo ni takriban shilingi milioni 28.9, na gharama kwa thamani ya leo ni milioni 10.9. Kila shilingi imerudisha 2.64, na bodi inapiga makofi.

Lakini vijana 100 hao hawangeacha shule wote kama mradi usingekuwapo. Wengine wangelipiwa na mjomba, wengine wangepata basari ya eneo bunge au ya kaunti, wengine wangebaki darasani huku deni likiongezeka. Tuseme 60 wangemaliza hata hivyo. Mradi basi umeongeza wahitimu 25, wala si 85, na manufaa ya mshahara yanashuka hadi milioni 8.5. Kila shilingi sasa inarudisha senti 78. Hakuna kilichobadilika katika kiwango cha kupunguza. Tumeuliza tu ni nani angemaliza bila sisi.

Linganisha na athari ya kile kinachobishaniwa sana. Kiwango kikishushwa kutoka asilimia 10 hadi 5, na wahitimu wa ziada wakibaki 25, uwiano unapanda kutoka 0.78 hadi 1.39. Hilo si jambo dogo, kwa sababu linavuka mstari wa kurudisha gharama. Hata hivyo ni mabadiliko ya mara 1.8, ilhali kuhesabu 85 badala ya 25 ni mabadiliko ya mara 3.4. Idadi ya hao 60 inaweza kujulikana. Waombaji wakizidi nafasi, shirika lichague kwa bahati nasibu hadharani na kufuatilia waliopata na waliokosa kwa bidii ileile. Pasipo kundi la kulinganisha, dalili ya kukadiria vibaya huonekana katika orodha yenyewe: ikiwa waliochaguliwa ndio waliokuwa na alama nzuri na wazazi waliohudhuria mikutano yote, wengi wao wangefika mwisho kwa njia nyingine.

Kuhusu kiwango chenyewe, pande zote zina hoja. Hazina ya Uingereza huelekeza asilimia 3.5 kwa miradi ya umma, na shirika linaloandika taarifa kwa mfadhili wa huko hukichukua bila kufikiri. Watafiti waliofuatilia dawa za minyoo katika shule za msingi za Busia, mradi ulioanza 1998, walitumia karibu asilimia 10, wakitoa mfumuko wa bei kwenye riba ya hatifungani za serikali ya Kenya. Hoja ya kiwango cha juu ni kwamba fedha hapa ni adimu na shilingi ya leo ina kazi nyingine ya kufanya. Hoja ya kiwango cha chini ni kwamba kijana wa leo hapaswi kuonekana duni kwa sababu tu faida yake itafika akiwa na miaka 40. Naegemea kiwango cha hapa nyumbani, kwa sharti kwamba kiwe kimeondolewa mfumuko wa bei ikiwa mishahara imeandikwa kwa shilingi za leo. Anayechukua riba ya mkopo wa benki jinsi ilivyo na kuitumia kwenye shilingi za leo anauadhibu mradi mara mbili.

Sasa twende kwenye kasoro ninayoiona kuwa ya ndani zaidi. Shirika likiona senti 78, litatafuta manufaa yaliyoachwa nje, na yapo kweli. Mara nyingi la kwanza ni kujiamini. Kwa kuwa kujiamini hakuuzwi dukani, mtathmini hutafuta bei ya kitu kinachofanana nako, tuseme mafunzo ya ushauri nasaha yanayotozwa shilingi 20,000, kisha huwahesabia vijana wote 100 kiasi hicho kila mwaka kwa miaka mitano, kuanzia mwaka wa 3. Jumla kabla ya kupunguza ni milioni 10. Baada ya kupunguza kwa asilimia 10 ni milioni 6.3. Uwiano unaruka kutoka 0.78 hadi 1.35, na mradi umepona.

Angalia jinsi ulivyopona. Mshahara wa wahitimu 25 ulikuwa milioni 36 kabla ya kupunguzwa, ukabaki na milioni 8.5, chini ya robo. Kujiamini kulibaki na karibu asilimia 63 ya thamani yake, kwa sababu tu kumewekwa miaka ya mwanzo. Kila kitu kikishatiwa bei, kupunguza hakutambui tena ni shilingi ipi itakayoingia mfukoni mwa mtu na ipi iliyokisiwa kutoka bei ya mafunzo ambayo kijana huyu hakuyanunua wala hakuyaomba. Kunachojua ni mwaka tu. Na kwa desturi yale yasiyopimika vizuri ndiyo yanayodaiwa kuonekana mapema, huku yale yanayopimika kwa stakabadhi za malipo yakichelewa. Matokeo ni kwamba hesabu inayaonea manufaa yanayopimika na kuyapendelea yasiyopimika, bila mtu yeyote kudanganya.

Kuna pia hatari ya kuhesabu kitu kimoja mara mbili. Kijana anayejiamini huzungumza vizuri kwenye usaili, akapata kazi katika kampuni ya makasha badala ya kibarua cha kushusha magunia ya viazi Kongowea. Faida hiyo tayari imo ndani ya shilingi 4,000 za kila mwezi.

Hata hivyo, itakuwa dhuluma kumaliza hapo, kwani kutia bei kwanza kunaweza vilevile kuupunja mradi. Shilingi 4,000 tulizotumia ni za mishahara ya leo, na tumezishikilia hivyo kwa miaka 30. Mishahara halisi ikikua kwa asilimia 2 kila mwaka, nyongeza ya mhitimu nayo itakua, na uwiano wa mshahara peke yake, kwa kiwango kilekile cha asilimia 10, unapanda kutoka 0.78 hadi kufikia 1.0 karibu kabisa. Mtathmini aliyegandisha bei siku ya kuitia alikuwa amefanya uamuzi mzito pasipo kuuandika popote. Asilimia 2 hizo zinaweza kupingwa, na zinapaswa kupingwa, lakini kugandisha nako ni dai kwamba ukuaji utakuwa sifuri.

(Upande wa gharama nao nimeuandika kwa huruma. Kila mhitimu wa ziada ameacha kibarua kwa miaka mitatu, na kwa wanafunzi wa shule za umma serikali ilipanga tangu 2018 ruzuku ya shilingi 22,244 kwa kila mmoja kwa mwaka. Anayedai kupima faida kwa jamii yote aingize hizo pia.)

Wanaotetea njia hii husema kwamba kisichotiwa bei huhesabiwa kuwa sifuri mezani pa mfadhili, hasa mradi wa karo unaposhindana na wa maji au wa zahanati. Nakubali kwamba ndivyo inavyokuwa. Wanaoipinga hutaja mifano iliyosifiwa duniani, kama utafiti wa shule ya awali ya Perry huko Ypsilanti, Michigan, ulioanza 1962 na kufuatilia watoto 123 hadi miaka 40. Sehemu kubwa ya manufaa yake ya fedha ilitokana na kupungua kwa uhalifu, kwa bei za mahakama, magereza na wahanga wa Marekani. Kuuleta uwiano wake Likoni ni kuleta na gharama za magereza ya Michigan ndani yake.

Njia ninayoiona ya haki haiachi fedha wala haikubali kila kitu kiwe fedha. Mshahara, ambao mtu ataupokea kweli, utiwe bei na kupunguzwa, kwa viwango viwili na kwa ukuaji na bila ukuaji, ili msomaji aone uwiano unavyosogea. Yaliyobaki yaandikwe kwa vipimo vyake: wahitimu wa ziada 25, wasichana wangapi hawakuolewa kabla ya kumaliza, wangapi wanasoma barua ya benki wenyewe. Hapo gharama ya kila mhitimu wa ziada itaonekana kuwa takriban shilingi 438,000 kwa thamani ya leo, si 120,000 kama vipeperushi vinavyosema.

Kisha pengo ligeuzwe kuwa swali. Gharama ni milioni 10.94 na mshahara usio na ukuaji ni milioni 8.50, zimekosekana milioni 2.44, sawa na shilingi 98,000 hivi kwa kila mhitimu wa ziada. Badala ya mtathmini kutafuta bei ya kujiamini, bodi iulizwe kama iko tayari kulipa shilingi 98,000 leo kwa yale yote ambayo kumaliza shule kunamletea kijana mmoja mbali na mshahara. Mjumbe aliyelea watoto Mtongwe au Shelly Beach anaweza kulijibu swali hilo, na akipigiwa kura ya kinyume atajua ni kipi hasa wenzake wamekikataa.