Mnagombania asilimia, hela imeliwa kwingine

Baba mdogo wangu ni mwalimu, kagonga 60 mwaka huu, na serikalini 60 haina mjadala, unatoka utake usitake (ya hiari ni kuanzia 55). Toka hapo familia nzima inabishana kikokotoo, ile hesabu ya mafao ya kustaafu, utadhani Simba na Yanga, na kila mtu wimbo wake ni asilimia tu ya pensheni unayopewa kwa mkupuo. Eti ilikuwa 50, Julai 2022 ikawa 33, watu wakapiga kelele, bajeti ya 2024/25 wakapandisha 40 kwa waliokuwa kwenye mifuko ya 50. Mi naona tunapigania kitu sicho.

Tuseme umechangia miezi 360, na wastani wa mshahara wako (wanachukua ile miaka mitatu mizuri ndani ya kumi ya mwisho) ni 1,200,000, yani 14,400,000 kwa mwaka. Enzi za PSPF, mfuko wa zamani wa watumishi wa umma, walikuwa wanazidisha miezi kwa mshahara wa mwaka, tuseme ni hiyo hela hiyo hiyo, wanagawa kwa 540, inatoka pensheni ya mwaka 9,600,000. Nusu yake mara 15.5, unaondoka na mkupuo wa 74,400,000, alafu nusu iliyobaki inagawanywa kwa 12, kila mwezi 400,000. Leo wanagawa kwa 580, inabaki kama 8,938,000. Asilimia 40 yake mara 12.5 ni mkupuo wa 44,690,000 hivi, na kila mwezi kama 447,000.

Haya sasa, rudisha hiyo 50 mnayoililia bila kugusa kingine. Unapata kama 55,860,000. Bado milioni 18 na nusu hazionekani, na pensheni ya mwezi imeshuka mpaka 372,000! Hizo zimemezwa na 580 na 12.5, namba ambazo sijawahi kusikia mtu anazilalamikia kijiweni.

Asilimia yenyewe inaamua tu ulipwe mapema au taratibu. Hiyo 12.5 maana yake sehemu unayoichukua kwa mkupuo umelipwa ya miaka 12 na nusu mbele, kutoka 60 hadi 72 na nusu, ukivuka hapo ukiwa hai basi mwenye pensheni kubwa ya mwezi ndo anakula vizuri. Baba mdogo hataki kusikia hiyo hesabu, yeye anataka vyumba vya kupangisha, na kwa kweli simlaumu.

Ila kilichomuumiza zaidi wala sio kikokotoo. Taarifa yake ya michango ina pengo la miezi 24, kipindi alipohamishwa, makato yapo kwenye salari slipu ila kwenye mfuko hayaonekani. Kwa mfano wetu huo, miezi 336 badala ya 360 inakata karibu milioni 3 kwenye mkupuo na kama 30,000 kila mwezi mpaka anakufa. Sasa hivi yuko chini ya kitanda na kiroba cha salari slipu za zamani, nusu zimeliwa na panya.