Gawio la 1.20 limetoka wapi? Kusoma ripoti ya mwaka ya Safaricom kwa mara ya kwanza

"Kaka, nina shilingi 50,000 na nataka kuanza na hisa za Safaricom. Nimepakua ripoti ya mwaka ulioishia Machi 2024, naona gawio walilotoa ni kubwa kuliko faida. Hiyo si hatari? Na wenzangu wananiambia niangalie gawio tu, mengine ni ya wahasibu. Nisome nini?"

Hesabu yako ni sahihi. Gawio la mwaka ule lilikuwa shilingi 1.20 kwa kila hisa. Safaricom ina hisa bilioni 40 na kidogo, kwa hiyo jumla ya gawio ni takriban shilingi bilioni 48. Faida ya mwaka baada ya kodi, ile inayosomeka chini ya taarifa ya faida ya kundi zima, yaani Safaricom pamoja na kampuni zake zote, ilikuwa bilioni 42.66. Ukiishia hapo utasema kampuni imegawa zaidi ya ilichopata.

Shuka mistari miwili zaidi. Chini ya faida ya mwaka kuna mgawanyo: kiasi gani ni cha wenyehisa wa kampuni mama, na kiasi gani ni cha wabia wengine. Safaricom inamiliki zaidi kidogo ya nusu ya kampuni yake ya Ethiopia. Sehemu iliyobaki ni ya wabia kama Vodacom, Sumitomo na shirika la uwekezaji la serikali ya Uingereza. Kanuni za uhasibu zinataka kampuni mama iingize hasara yote ya Ethiopia katika hesabu za kundi, kisha hapo chini ndipo inawatwika wabia fungu lao. Ukishawatwika, faida iliyo ya wenyehisa wa Safaricom inapanda hadi bilioni 62.99. Gawio la bilioni 48 ni kama asilimia 76 ya hiyo. Kwa hiyo hapana, hawakugawa kuliko walichopata, ila jibu hilo halikupatikana kwenye mstari wa gawio wala kwenye mstari wa faida ambao magazeti huuandika kwa herufi kubwa.

Sasa wenzako. Wanaosema uangalie gawio tu hawasemi ovyo. Faida ni makadirio ya wahasibu kwa sehemu kubwa: uchakavu wa mitambo, madeni ya wateja yatakayolipika na yasiyolipika, thamani ya mali. Gawio ni pesa inayoingia benki au kwenye simu yako, na kampuni isiyo na pesa haiwezi kulidanganya kwa miaka mingi mfululizo. Rekodi ya Safaricom yenyewe inawapa nguvu: shilingi 1.40 kwa mwaka ulioishia Machi 2020, 1.37 mwaka uliofuata, 1.39 mwaka 2022, kisha 1.20 mwaka 2023 na 1.20 tena 2024. Kampuni nyingi kwenye soko la Nairobi zimekaa miaka kadhaa bila kutoa hata senti.

Lakini isome rekodi hiyo mara ya pili. Kutoka 1.40 hadi 1.20 ni kushuka kwa asilimia 14, na ilitokea huku mapato yakipanda. Mapato ya huduma ya kundi yalitoka bilioni 295.69 mwaka 2023 hadi 335.35 mwaka 2024, ongezeko la asilimia 13. Mapato yalikua, gawio likakwama. Rekodi ya gawio inakuonyesha kwamba kuna kitu kinakula pesa katikati. Kitu chenyewe haikuonyeshi.

Kukiona unahitaji kurasa tatu tu kati ya zile nyingi zilizomo. Picha za wakurugenzi na barua ya mwenyekiti ziache kwanza. Ukurasa wa kwanza ni taarifa ya faida, pamoja na maelezo yanayotenganisha biashara ya Kenya na ya Ethiopia. Hapo ndipo jambo linafunguka: biashara ya Kenya peke yake ilipata takriban bilioni 140 kabla ya riba na kodi, lakini kundi zima likabaki na takriban bilioni 80. Tofauti hiyo ya bilioni 60 hivi ni Ethiopia. Leseni ilipatikana mwaka 2021 kwa dola milioni 850, huduma zikaanza Oktoba 2022, na minara na mitambo ilianza kuhesabiwa uchakavu kabla wateja hawajawa wengi.

Ukurasa wa pili ndio ninaouthamini kuliko yote: taarifa ya mtiririko wa fedha. Chukua mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwezi huu ameuza saruji ya shilingi 1,000,000, nusu kwa mkopo. Daftari lake linasema ameuza milioni moja na kupata faida ya 150,000. Droo ina 500,000, na mwenye lori la saruji anadai 850,000 Ijumaa. Faida ipo na pesa ya kumlipa haipo. Taarifa ya mtiririko wa fedha ni ile droo.

Ina mafungu matatu. La kwanza ni pesa iliyotokana na kazi yenyewe ya kampuni. La pili ni pesa iliyokwenda kununua mitambo, majengo na leseni. La tatu ni mikopo iliyochukuliwa na kulipwa, pamoja na gawio lililolipwa. Chukua jumla ya fungu la kwanza, toa pesa ya kununua mitambo na leseni iliyo katika fungu la pili, kisha ulinganishe kinachobaki na gawio lililolipwa katika fungu la tatu. Kikizidi gawio, gawio limetoka kwenye kazi. Kikipungua, pengo limezibwa na kitu kingine, na kitu hicho kiko kwenye ukurasa huohuo: ama mkopo mpya, ama akiba iliyopungua, ama mali iliyouzwa.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kushika hisa za kampuni moja, jina silitaji, kwa miaka minne. Gawio lilikuja kila mwaka bila kukosa, na ripoti zake sikuwahi kuzifungua kupita ukurasa wa gawio. Mwaka wa tano gawio halikuja, na bei ya hisa ilikuwa imeshaanguka zaidi ya nusu. Niliporudi kwenye ripoti za nyuma nikakuta mistari miwili iliyoandikwa karibu karibu katika fungu la tatu: gawio lililolipwa, na juu yake mkopo mpya mkubwa kuliko gawio. Ilikuwa hivyo miaka miwili mfululizo. Nilikuwa nikilipwa kwa pesa ya benki, na kila kitu kilikuwa kimeandikwa wazi.

Upande wa pili wa hoja hii nao una haki yake, na wanaoanza hukosea hapa. Kampuni kutumia pesa nyingi kuliko inavyoingiza si kosa lenyewe. Safaricom isingekuwa na minara nchini Kenya kama kuna mtu angekataa kuijenga kwa sababu gawio lingepungua. Ethiopia ina watu zaidi ya milioni 100, na kwa miaka mingi ilikuwa na kampuni moja tu ya simu, ya serikali. Anayesema hasara ya leo ni mbegu anaweza kuwa sahihi. Usimhukumu kwa mwaka mmoja. Weka ripoti tatu pamoja, uone kama hasara ya Ethiopia inapungua na kama wateja wanaongezeka.

Ukurasa wa tatu ni mizania, yaani orodha ya mali na madeni ya kampuni, na humo tafuta mikopo na maelezo yake. Jumla ya deni peke yake haisemi mengi. Uliza mambo mawili. Kwanza, faida kabla ya riba na kodi inabeba riba ya mwaka mara ngapi? Ikiwa mara sita au nane, kampuni inapumua. Ikishuka chini ya mara mbili, mwaka mmoja mbaya unatosha kuipeleka kwa wadai. Pili, mkopo ni wa sarafu gani, na mapato ni ya sarafu gani?

Swali hilo la pili ndilo lililochangia kuizamisha ARM Cement, ile ya Athi River. Ilijenga kiwanda kikubwa Tanga, sehemu kubwa ya mikopo ikiwa ya dola, huku saruji ikiuzwa kwa shilingi. Shilingi ya Tanzania ilipoanguka mwaka 2015, deni lilivimba bila mtu kukopa hata senti zaidi, na wakati huohuo bei ya saruji ikashuka kwa ushindani. Mwaka 2016 shirika la CDC la Uingereza lilitia dola milioni 140. Hazikutosha. Agosti 2018 kampuni iliwekwa chini ya wasimamizi, na mali zake za Kenya na Tanzania zikauzwa kwa kampuni nyingine ili wadai walipwe. Aliyekuwa akisoma mapato tu kabla ya hapo aliona kampuni inayopanuka.

Kwa Safaricom, sarafu inakuja kwa njia nyingine. Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, iamuliwe na soko Julai 2024, ikaanguka vibaya, na gharama zinazolipwa kwa dola zikapanda. Hilo halimo katika ripoti uliyo nayo kwa sababu lilitokea baada ya Machi. Ripoti ya mwaka huangalia nyuma, na kati ya tarehe ya hesabu na siku unayonunua kuna miezi inayoweza kubadilisha picha. Soma pia matokeo ya nusu mwaka, ambayo Safaricom huyatoa Novemba.

Limebaki jambo ambalo halimo kwenye ripoti kabisa, nalo ni bei. Katikati ya 2021 hisa hii iliuzwa zaidi ya shilingi 40. Gawio la 1.37 kwa bei hiyo ni chini ya asilimia 3.5. Mwisho wa 2023 ilikuwa chini ya 15, na gawio la 1.20 likawa zaidi ya asilimia 8. Ni kampuni ileile, na aliyenunua 2021 kwa sababu "Safaricom hulipa gawio" alipoteza zaidi ya nusu ya mtaji wake kwenye karatasi huku gawio likija kila mwaka. Mwanzoni mwa 2024 hati za serikali za siku 91 zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16, na bei ya hisa ilikuwa inashindana na hizo.

Kwa 50,000 zako: kwa gawio la 1.20, kila hisa 1,000 zinakupa 1,200, na baada ya kodi ya asilimia 5 unayokatwa ukiwa mkazi wa Kenya unabaki na 1,140 kwa mwaka. Mimi ningezigawa mara mbili. Nusu ningenunua sasa, kwa sababu mapato ya Kenya yanakua na fungu la wenyehisa linatosha gawio. Nusu nyingine ningesubiri nayo hadi matokeo ya Novemba, nifungue kwanza ule mgawanyo wa Kenya na Ethiopia, kisha fungu la tatu la mtiririko wa fedha. Hasara ikiwa inapungua na mkopo mpya si mkubwa kuliko gawio, naingia. Kama ni kinyume, nabaki na nusu niliyonayo na kuendelea kupokea gawio langu, huku nikijua linatoka wapi.