Shabiki Anakimbia Ndani ya Mashine

Baba mdogo wa Soweto, hapa Moshi, alinunua mashine ya kutotolesha vifaranga. Maelekezo ni ya Kiingereza, yamebandikwa ndani ya kifuniko cha plastiki. Akayapiga picha, programu ya kutafsiri kwenye simu ikampa Kiswahili. Nilipofika nikamkuta anamfokea muuzaji kwa simu.

"Mashine yako mbovu! Imeandikwa nyuzi 375, mimi nazungusha weee, haivuki 40!"

Nikamwomba akate simu kwanza. Kwa nyuzi 375 hupati kifaranga, unapata mkaa. Na programu ikitafsiri, tarakimu kwa kawaida huziacha zilivyo, kwa hiyo namba ikija na vituko, mshuku msomaji, yaani ile sehemu inayogeuza picha kuwa herufi. Nikagusa skrini ilete maandishi ya asili: 375. Nikainamia kifuniko: 37.5. Nukta ilikuwa imemezwa na mng'ao wa taa kwenye plastiki. Tukazima taa, tukapiga picha nyingine karibu na dirisha, simu imenyooka juu ya maandishi, na nukta hiyo ikarudi.

"Haya, na hii?" Akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira: "Hakikisha shabiki anakimbia."

"Wa timu gani?" mama mdogo akadakia kutoka jikoni.

Baba mdogo keshainua simu apige picha upya. Nikamzuia. Skrini ilisema Ensure the fan is running, kifuniko nacho hivyo hivyo, herufi kwa herufi. Hapo msomaji hana kosa. Mfasiri ndiye aliyeona neno lenye maana mbili akakimbilia ya uwanjani, akaacha feni. Piga picha mpaka chaji iishe, shabiki atakimbia tu. Nikayaandika maneno yale kwa mkono, nikaongeza electric kabla ya fan, ndipo feni ikatokea.

Ukabaki mstari wa mwisho: "Tumbo mayai mara 3 kwa siku."

"Huyu naye mfasiri," akasema baba mdogo, sasa kajifanya fundi. "Kituko kama cha shabiki."

Kituko ni kituko kweli, lakini kicheko hakikuambii nani kakosea. Nikamwambia afungue maandishi ya asili kabla ya kumhukumu mtu. Skrini: Tum eggs. Kifuniko: Turn eggs. Zile r na n zilichapwa zimebanana, msomaji akaona m, na mfasiri wa watu akahangaika na alichopewa. Picha ya karibu zaidi ikatupa jibu: geuza mayai mara 3 kwa siku.

Baba mdogo akanyamaza. Nikachungulia trei, naona mapengo.

Mama mdogo akatokea mlangoni na kikaango mkononi. "Kwa hiyo awamu ya mchana nisikaange?"